Wimbo wa Watu Wote Uliosikiwa na Wachache

(Hotuba niliyoitoa jioni moja mjini Nairobi mbele ya wapenzi wa santuri. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa muziki, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie pawa pop, ule muziki wa roki wenye nyimbo fupi na magita yanayolia kama njuga, na nieleze kwa nini miaka yote hii umebaki kuwa mali ya watu wachache wanaoupenda kupita kiasi. Mimi ni fundi wa magita na amplifaya, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua, yaani kwenye nyuzi. Ndiyo maana nimekuja na gita hili la nyuzi 12. Nimelilegeza makusudi kwa ajili ya safari, na nitakuwa nikilikaza polepole huku nikizungumza. Mnisamehe vidole vikihangaika.

Wengi wenu mmeimba kwaya, kwa hiyo do, re, mi mnazijua. Kodi ya gita inayosikika ya furaha ina sauti tatu: do, mi na so. Do ndiyo msingi na so ndiyo nguzo. Furaha yote imo ndani ya mi. Ukiiondoa, inabaki kodi ngumu isiyo na huzuni wala furaha, kama nyumba yenye kuta bila madirisha. Wapiga roki nzito wanaipenda sana kodi hiyo ya do na so peke yake, na wana sababu ya kiufundi.

Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti inapata mkwaruzo. Mkwaruzo huo haukuzi tu sauti ulizopiga, bali unazichanganya na kuzaa sauti nyingine ambazo hukuzipiga. Ukipiga do na so, sauti inayozaliwa ni do nyingine ya chini, na kodi inanenepa vizuri. Ukiongeza mi, mambo yanaharibika. Mi ya gita imepanda kidogo kuliko mi ambayo kwaya isiyo na kinanda huiimba kwa sikio. Kwa sauti safi hutaisikia tofauti hiyo, lakini mkwaruzo unaifichua: zile sauti zinazozaliwa hazilingani na do, zinagongana nayo, na kodi inaanza kutikisika na kuchafuka. Mpigaji anayetaka nguvu nyingi hana budi kuitupa mi.

Pawa pop ni muziki wa watu waliokataa kuitupa. Jina lenyewe linahusishwa na Pete Townshend wa kundi la The Who la Uingereza, aliyelitumia mwaka 1967 kueleza muziki waliokuwa wakiupiga. Pawa ni ile nguvu ya ngoma na amplifaya, na pop ni ule utamu wa kodi kamili na sauti za waimbaji zinazopishana. Mambo haya mawili yanavutana ndani ya kila wimbo. Mpigaji anaipandisha amplifaya hadi pale inapoanza kukwaruza, kisha anairudisha kidogo sana. Nimewahi kukaa na vijana karakanani kwangu saa nzima tukikitafuta kituo hicho. Kitufe kikizidi upana wa ukucha, mi inazama. Kikipungua kiasi hicho hicho, bendi inasikika kama inapiga sebuleni mchana watoto wakiwa wamelala. Ukitaka kujua kama bendi imekosea, sikiliza kodi ya mwisho ya wimbo wanapoiacha ife yenyewe. Kama inatetemeka kama injini ya pikipiki, mkwaruzo umezidi. Kama mi inabaki juu hadi mwisho, wamepapata.

Sasa niwaambie kuhusu gita hili. Lina jozi sita za nyuzi. Katika jozi nne za upande wa sauti nzito, kila uzi una mwenzake mwembamba anayelia oktava moja juu yake. Katika jozi mbili za mwisho, nyuzi zote mbili hulia sauti ile ile. Jozi ya kuitazama ni hii ya G, hapa katikati. Uzi wake mwembamba ndio wenye sauti ya juu kuliko zote katika gita zima, na ndio unaokatika kwanza. Umenipiga usoni zaidi ya mara moja, kwa hiyo mnapoona naugeuzia uso kando ninapoukaza, mjue sababu. Nyuzi za jozi hazilingani kikamilifu kamwe, hata uzikaze vipi, na ile tofauti ndogo kati yao ndiyo inayofanya sauti imeremete.

Mwaka 1964 George Harrison wa The Beatles alipata gita la umeme la nyuzi 12 kutoka Rickenbacker, kiwanda cha California, likiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kutengenezwa. Rickenbacker walizipanga nyuzi za jozi kinyume cha mazoea: ukishuka na kidole, uzi mzito unapigwa kwanza na mwembamba unafuata. Kwa hiyo sikio linapokea uzito kisha mng'ao, badala ya mng'ao kufunika uzito. Roger McGuinn, kijana wa kundi la The Byrds, aliliona gita hilo katika filamu ya Beatles ya mwaka huo, akajinunulia lake. Mwaka 1965 wimbo wa Bob Dylan walioupiga, Mr. Tambourine Man, ukafika namba moja Marekani. Wimbo wa Dylan una beti nne. Wao walichukua ubeti mmoja na kiitikio, wakamaliza kabla ya dakika mbili na nusu.

Kulikuwa na siri nyingine studio. Gita la nyuzi 12 lina tabia ya kulipuka unapoligusa na kufa haraka. McGuinn ameeleza mara nyingi kwamba fundi mitambo aliipitisha sauti yake kwenye kompresa, kifaa kinachoikandamiza sauti ikipanda na kuinyanyua ikianza kufifia. Kompresa ilizuia ule mlipuko wa mwanzo na kurefusha mkia, na noti moja moja zikaanza kuunganika kama shanga kwenye uzi. Ikizidi nayo ni balaa, kwa sababu inaunyanyua pia mvumo wa amplifaya na mkwaruzo wa vidole, na wimbo unakosa pumzi. Lakini ikikaa sawa, inatoa mlio ule ninaouita wa njuga. Kila bendi iliyofuata katika njia hii imekuwa ikiutafuta mlio huo, iwe na nyuzi 12 au na sita tu.

Haya, mlio tunao, na nguvu tunayo. Kitu cha tatu ni ufupi. Wimbo wa pawa pop ni wa dakika tatu au chini yake, na kila sekunde kumi na kitu unakupa kipande kipya cha kunasa sikio: mchapo wa gita, mwitiko wa sauti za nyuma, ngoma iliyosimama ghafla, kisha kiitikio. Mwaka 1972 kundi la Raspberries kutoka Cleveland liliingia kwenye tano bora za Marekani na Go All the Way, wimbo unaofungua kwa gita la kishindo kama The Who na ghafla unalainika kama Beatles. Huo ni wimbo uliofaulu. Mimi nataka tukae zaidi na ulioshindwa, kwa sababu humo ndimo jibu la swali la mwenyekiti lilimo.

Twendeni Memphis, jimbo la Tennessee. Kulikuwa na studio iitwayo Ardent, ya bwana John Fry, ambaye aliwafundisha vijana kadhaa kuendesha mitambo na kuwaachia waitumie usiku kazi za kulipwa zikiisha. Mmoja wao alikuwa Chris Bell. Yeye na wenzake Andy Hummel wa besi na Jody Stephens wa ngoma walikuwa na bendi ndogo, na mwaka 1971 akajiunga nao Alex Chilton. Huyu alikuwa tayari mtu maarufu. Akiwa na miaka 16 aliimba The Letter na kundi la The Box Tops, wimbo ulioshika namba moja Marekani kwa wiki nne mwaka 1967. Jina la bendi walilitoa kwenye supamaketi iliyokuwa karibu na studio: Big Star. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1972, wakaiita #1 Record. Vijana walijiita nyota kubwa na santuri yao wakaiita namba moja, na sidhani walikuwa wakifanya mzaha. Waliamini.

Ukiisikiliza utaona walikuwa na haki ya kuamini. Kwa sababu studio ilikuwa kama nyumbani kwao, walikuwa na muda ambao bendi changa haiupati: muda wa kukaa na gita moja lisilo la umeme hadi uisikie kucha ikigusa uzi. Wahakiki waliipokea kwa sifa. Jarida la biashara la Billboard liliandika kwamba kila wimbo humo ungeweza kutoka peke yake na kuvuma.

Lakini santuri ni bidhaa, na bidhaa husafirishwa. Ardent ilikuwa ikisambaziwa na Stax, lebo kubwa ya Memphis ya muziki wa soul. Watu wa Stax walijua kumpelekea mtangazaji wa soul wimbo wa soul. Vijana wanne weupe wenye magita ya mtindo wa Kiingereza hawakuwa na njia iliyotengenezwa tayari. Halafu, mwaka huo huo, Stax ikaingia mkataba wa kusambaziwa na Columbia, kampuni kubwa ya New York. Kwa maneno ya karatasi hiyo ilikuwa neema. Kwa vitendo, Columbia haikutaka kazi na wale wasambazaji wadogo waliotumiwa na Stax kabla yake, na hata nakala zilizokuwa tayari madukani zikaondolewa. Mtu aliyesoma sifa za albamu gazetini akaenda dukani, hakuikuta. Idadi inayotajwa ya nakala zilizouzwa wakati ule haifiki 10,000.

Bell aliumia sana, akaiacha bendi kabla ya mwaka kwisha. Waliobaki watatu walikuwa karibu kuachana. Kilichowarudisha pamoja ni mkutano wa waandishi wa habari za roki uliofanyika Memphis Mei 1973. Big Star walipiga mbele yao, na waandishi, watu wagumu kuridhika, wakainuka wakacheza. Naomba mkumbuke jambo hilo. Hadhira yao kubwa ya kweli ilikuwa chumba kilichojaa waandishi, watu wanaopewa santuri bure na lebo. Yaani waliokuwa na santuri hiyo mkononi walikuwa hasa watu ambao kazi yao ni kuwasimulia wengine kuhusu santuri.

Mapema mwaka 1974 ikatoka albamu ya pili, Radio City, na ndani yake wimbo September Gurls, ulioandikwa hivyo hivyo kwa herufi u. Kama mgeni angeniambia nina dakika tatu za kumwonyesha pawa pop ni nini, ningeuweka huo, na muda ungebaki. Gita linaanza peke yake juu kabisa, jembamba na lenye mng'ao, kisha ngoma za Stephens zinaingia kama mtu anayeshuka ngazi mbio. Chilton anaimba kana kwamba ameamka sasa hivi, maneno machache, ya kijana aliyeachwa na bado anampenda aliyemwacha. Kodi zinacheka na maneno yanalia. Hapo ndipo mi inapofanya kazi ambayo kodi ya do na so isingeweza: huzuni ya maneno inauma zaidi kwa sababu magita yanakataa kuhuzunika pamoja nayo.

Albamu hiyo ilipata msiba ule ule. Stax na Columbia walikuwa sasa wamegombana, na Columbia haikuipeleka madukani ipasavyo. Hesabu inayotajwa ni nakala kama 20,000. Kufika mwisho wa mwaka 1975 Stax yenyewe ilikuwa imefilisika.

Sasa, wapenzi wa bendi hii husema kwamba walishindwa kwa sababu walikuwa wazuri mno kwa wakati wao. Mimi siamini hivyo, na nalisema hili kwa heshima ya muziki wenyewe. Nyimbo zao hazikuwa ngumu kueleweka. Mtoto wa miaka saba angeziimba. Naona tatizo liko kinyume chake: zilijengwa kwa ajili ya redio. Ufupi wake, mng'ao wake, kile kipande kinachokunasa kabla hujabadilisha stesheni, vyote ni vifaa vya kushindania sikio la mtu ambaye hakukusudia kukusikiliza, aliye ndani ya gari au anayepika. Muziki wa jazi unaweza kuishi miaka katika klabu ndogo bila redio. Roki ndefu ya wakati ule iliishi kwa ziara na kwa stesheni za FM zilizopiga albamu nzima. Wimbo wa dakika tatu wenye sura ya wimbo wa kuvuma, usipopigwa redioni, hauna pa kwenda. Tena wasikilizaji wa roki wa miaka ile, waliojiona makini, waliutazama ufupi huo kama utoto. Kwa hiyo ulikuwa mtoto sana kwa wakubwa, na haukuwafikia watoto.

Mtu atanijibu: mbona mwaka 1979 redio iliukubali? Kweli, kundi la The Knack la Los Angeles lilishika namba moja Marekani wiki sita na My Sharona. Lakini tazameni kilichofuata. Kampuni yao iliwauza kwa sura ya Beatles, hata picha za jalada zikafanana, na watu wakahisi wanadanganywa. Huko San Francisco msanii mmoja alianzisha kampeni nzima ya kuwapinga. Wakati huo huo lebo kubwa zilikimbilia kusaini kila bendi ya vijana wenye tai nyembamba, na wimbo wa pili wa aina hiyo usipovuma, zikazitupa. Bendi nyingi nzuri zilizolelewa na santuri za Big Star na Raspberries zilipata mkataba na kuupoteza ndani ya albamu moja au mbili. Tangu hapo, kwa watu wa lebo, neno pawa pop likawa na harufu ya hasara.

Basi muziki huu ukapita njia nyingine, ya mkono kwa mkono, na safari yake naifahamu vizuri kwa sababu ndiyo iliyonifikia mimi. Uingereza albamu mbili za Big Star zilitolewa tena mwaka 1978 zikiwa pamoja. Mwaka huo huo, mwanamuziki wa North Carolina aitwaye Chris Stamey alitoa kwa lebo yake ndogo wimbo wa Chris Bell, I Am the Cosmos. Bell alikufa kwa ajali ya gari Desemba 27 mwaka huo, akiwa na miaka 27. Stamey akaenda kuunda The dB's, bendi ambayo albamu yake ya kwanza, ya 1981, ilitoka Uingereza huku Wamarekani wenzao wakilazimika kuinunua kama bidhaa ya nje. Athens, jimbo la Georgia, Peter Buck aliyekuwa muuzaji katika duka la santuri alichukua Rickenbacker na kuunda R.E.M. pamoja na wenzake, na mlio wa njuga ukarudi redioni, safari hii kupitia stesheni za vyuo vikuu. Mnaona ni watu gani hawa: wauza santuri, wenye lebo za mfukoni, wanamuziki. Hakuna aliyeusikia wimbo kwa bahati akiwa anapika. Kila mmoja alipewa na mtu, na aliyepewa kwa namna hiyo huupenda kwa wivu kidogo, kama siri ya ukoo.

Mimi niliupata kinyumenyume. Miaka ya mwisho ya themanini shangazi yangu alikuwa na kaseti ya The Bangles, kundi la wanawake wanne wa Los Angeles, albamu ya 1986 yenye zile nyimbo mbili zilizotamba dunia nzima. Mimi nilikuwa nairudisha nyuma kwa kalamu ili nisikie wimbo mwingine, ulioimbwa na mpiga besi wao Michael Steele. Kaseti ile iliuza mamilioni duniani. Wimbo niliokuwa nikiurudia ulikuwa September Gurls. Kwenye karatasi ya kaseti, kwa herufi ndogo sana, liliandikwa jina la mtunzi, Chilton, na ilinichukua miaka kumi na zaidi kumjua ni nani. Wakati nauzungusha mkanda ule, mtunzi mwenyewe alikuwa New Orleans, ambako katika miaka hiyo alikuwa amewahi kuosha vyombo mgahawani ili aishi.

Chilton alifariki Machi 17, 2010, siku tatu kabla ya Big Star kupiga katika tamasha la Austin, Texas. Onyesho halikufutwa. Stephens alikaa kwenye ngoma, Hummel akapanda jukwaani, na wanamuziki wa bendi nyingine wakapanda mmoja mmoja kuimba sehemu za marehemu. Hummel naye alifariki Julai mwaka huo.

Nyuzi zimetulia sasa. Hata huu wa G umekubali bila kukatika. Amplifaya nimeiweka pale nilipowaeleza, inakaribia kukwaruza lakini haijakwaruza. Nitapiga kodi ya kwanza na kuiacha ife yenyewe, kabla hatujaweka santuri. Wale wa kwaya, isikilizeni mi.